Gunia Moja, Wiki Sita: Namna ya Kuandika Mswada wa Somo la Mboga za Mjini

Ukitaka kujua kama mswada wa somo la mboga za gunia umeandikwa na mtu anayewajua wapangaji wa mjini, soma mstari wake wa kwanza. Mtu wa shamba huandika hivi: "Chukua udongo mzuri, uchanganye na samadi." Hapa Luberizi mstari huo haumsumbui mtu. Udongo uko nyuma ya nyumba, ng'ombe wanapita jioni, na pumba za mpunga zimerundikana mashineni bila mwenyewe. Lakini somo hili hatuliandikii Luberizi. Tunamwandikia mama aliyepanga vyumba viwili Mulongwe au Kavimvira, mjini Uvira, kwenye parseli yenye familia nne, ambako nafasi yote ya wazi ni njia ya kwenda chooni. Huyo ukimwambia achukue udongo mzuri, atakuuliza auchukue wapi. Video haiwezi kumjibu. Atazima simu.

Vijana kadhaa wa uwanda huu wana simu nzuri na ndugu walioko Uvira, na wanataka kurekodi masomo mafupi yatakayopita mkono kwa mkono, kutoka simu hadi simu. Ushauri wangu kwao, na kwa yeyote anayetaka kuandika mswada wa aina hiyo, ni kuandika kutoka ukumbini kwa mpangaji. Kila mara kalamu inapotaka kuandika "chukua", isimame kwanza ijiulize: atatoa wapi, atalipa nini, atabeba vipi, na mwenye nyumba atasema nini?

Nitashika mfano mmoja tu na kuufuata hadi mwisho: gunia moja la lengalenga. Nyanya, pilipili na kitunguu vina somo lake siku nyingine. Lengalenga, ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita mchicha, inapenda joto la kando ya ziwa, inaota baada ya siku 4 au 5, na unaanza kuikata kabla hata mtoto hajachoka kuimwagilia. Somo la kwanza lishughulike na mboga isiyomkatisha tamaa mtu.

Tuanze na huo udongo. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 ulibomoa nyumba nyingi sana na kuua watu, na ukaacha mchanga na tope hadi katikati ya mitaa. Kila msimu wa mvua, mito inayoshuka milimani inaendelea kuleta mzigo huo huo, kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa hiyo mchanga Uvira si shida, na mawe ya mviringo yanaokotwa bure kwenye kingo za Mulongwe na Kalimabenge. Kinachokosekana ni udongo wenye rutuba na samadi. Mswada useme wazi kwamba udongo mweusi kidogo unapatikana chini ya miti, au kando ya mifereji ya mashamba ya nje ya mji, na kwamba samadi iliyokauka ni nyepesi: mfuko mmoja unaweza kupakiwa kwenye gari linalotoka Sange au Luberizi pamoja na mchele. Useme pia mahali ambapo udongo hauchukuliwi kabisa. Hapo ni penye gereji, penye jalala, penye betri kuukuu zilizopasuliwa, na karibu na choo.

Onyo hilo la mwisho lina historia. Kibera, Nairobi, shirika la Solidarités International lilianza kueneza mboga za magunia mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi kukata njia za chakula kuingia mtaani. Magunia yalienea haraka, sukuma wiki ikaota vichochoroni. Baadaye watafiti walikwenda kupima metali nzito kwenye udongo wa magunia yale na kwenye majani yenyewe, kwa sababu swali la udongo ulitoka wapi halikuwa limejibiwa. Mboga ya majani huvuta kilicho ardhini, na risasi ya betri haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa. Sentensi moja ya mswada inatosha kulisema hili, lakini lazima iambatane na picha ya mahali penyewe: gereji, tone la oili chini, kidole kinachokataa.

Sasa vipimo. Wengi huandika "sehemu mbili kwa moja kwa moja" wakadhani wamemaliza. Mtazamaji hapimi kwa sehemu. Anapima kwa ndoo. Gunia la mchele la kilo 50, ukilikunja ukingo wake nje kidogo, linajaa kwa ndoo 4 za lita 20: ndoo 2 za udongo, 1 ya samadi iliyoiva, na 1 ya mchanga au ya pumba za mpunga. Mawe ya katikati yanahitaji nusu ndoo. Ukiandika hivyo, mama anajua kabla ya kuanza kwamba ana safari ngapi za kubeba, na anajua kama leo ataweza au atangoja Jumamosi watoto wakiwa nyumbani.

Kuna jambo ambalo vipimo hivyo vinalificha. Gunia hilo likishalowa lina uzito wa kilo 100 na zaidi. Halisogezwi tena. Nimeona video nzuri kabisa ambazo gunia linajazwa katikati ya uwanja ili mwanga uwe mzuri, halafu picha inayofuata liko kando ya ukuta, kana kwamba lilitembea lenyewe. Mtazamaji atafanya kama alivyoona, kisha atalipasua akilikokota. Kwa hiyo kituo cha kwanza cha mswada kiwe kuchagua mahali: penye jua la saa 5 au 6 kwa siku, mbali na kuku, na hatua moja kutoka ukutani. Hatua hiyo moja ina maana yake. Nyumba nyingi za kupanga ni za matofari mabichi, na gunia linalovuja maji kila siku dhidi ya tofari bichi litaula ukuta. Mwenye nyumba hatapambana na lengalenga. Atapambana na mpangaji. Andika mstari ambapo mama anamwomba ruhusa kabla ya kuweka gunia, maana mpangaji akifukuziwa gunia lake mwezi wa pili, wapangaji wengine watatu wa parseli hiyo hawatajaribu.

Kiini cha gunia ni nguzo ya mawe iliyoko katikati. Bila nguzo hiyo maji yanabaki juu, mimea ya pembeni chini inakauka, na mtu anasema mambo ya magunia ni uongo. Namna ya kuijenga ni rahisi kwa mikono na ngumu kwa maneno, na hapo ndipo mswada unapojulikana kama ni mzuri. Unachukua kopo kubwa la maziwa ya unga lililotolewa sehemu ya chini, unalisimamisha katikati ya gunia, unalijaza mawe, unajaza udongo kulizunguka, halafu unalivuta juu taratibu na kuacha mawe mahali pake. Unaliweka tena juu ya mawe hayo, unajaza tena. Andika mstari wa picha kando ya mstari wa sauti, kama hivi:

Picha: gunia limefunguliwa, kopo limesimama katikati, mkono wa kushoto umelishika.
Sauti: "Mawe yawe kama ngumi ya mtoto. Usichanganye na mchanga."

Picha: mkono wa kulia unatia mawe hadi ukingo wa kopo, mkono mwingine wa jirani unatia udongo pembeni.
Sauti: (kimya, sauti ya mawe isikike)

Picha: karibu kabisa. Kopo linavutwa juu, mawe yanabaki yamesimama.
Sauti: "Vuta polepole, huku jirani akishindilia udongo kwa kiganja. Siyo kwa mguu."

Picha: jagi la maji linamiminwa juu ya mawe.
Sauti: "Maji yakishuka mara moja, nguzo ni nzima. Yakisimama juu, mawe yamezibwa. Toa, osha, anza tena."

Angalia kuna nini humo. Mstari mmoja hauna maneno kabisa, kwa sababu mikono inajieleza. "Siyo kwa mguu" ipo kwa sababu mtu akishindilia kwa mguu, udongo unakuwa kama sakafu na mizizi haipiti. Ila sababu hiyo haikuingia kwenye video, imebaki kwenye kichwa cha mwandishi. Si kila unachokijua kinasemwa. Na jaribio la jagi limewekwa hapo hapo, kabla ya miche kupandwa, wakati kosa bado linarekebishika. Mwandishi asiyewahi kujaza gunia huweka jaribio hilo mwishoni, mimea ikiwa tayari imeota pembeni, ambapo haliwezi kumsaidia mtu.

Miche inapandwa juu na pembeni. Pembeni unachoma matundu kwa kisu au msumari mnene, yakiwa yameachana kama kiganja kimoja, na mstari wa pili usianguke moja kwa moja chini ya wa kwanza bali katikati ya matundu mawili, ili jani la juu lisiufunike mche wa chini. Tundu liwe dogo, la kupitisha vidole viwili tu. Tundu kubwa linamwaga udongo kila unapomwagilia, na baada ya mwezi gunia linabonyea. Mche unaingizwa mizizi kwanza, ikielekea ndani na chini kidogo, kisha unabana udongo kwa kidole. Hapa kamera iwe karibu sana. Mtu akiiona picha hii kutoka mbali hataona kama mzizi umepinda kwenda juu, na mzizi uliopinda ndio unaoua mche siku ya tatu.

Ndoo na bidoni vina kanuni hiyo hiyo ya maji, ila kwa sura nyingine. Ndoo ya lita 20 iliyopasuka mkono haihitaji nguzo ya mawe. Toboa matundu 6 hivi ubavuni, urefu wa vidole viwili kutoka chini, siyo kwenye kitako chenyewe. Maji ya ziada yanatoka, lakini kidogo yanabaki chini kama akiba ya siku ya jua kali. Bidoni la mafuta ya kula likioshwa linafaa. Bidoni lililobeba dawa ya wadudu au mafuta ya gari halifai hata likioshwa mara saba, na mswada ulitaje kwa rangi na umbo kama linavyojulikana mtaani, maana mama hasomi lebo iliyokwisha kung'oka.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo waandishi wa masomo haya wanalikosea zaidi kuliko yote, nalo ni kalenda. Mswada wa mapishi unaweza kurekodiwa asubuhi moja. Mswada wa mboga unarekodiwa kwa kufuata mmea, na mmea haungoji mtu mwenye simu. Kwa hiyo kabla ya kuandika sauti, chora siku. Siku ya kwanza unasia mbegu kwenye beseni lililopasuka, kwa mistari, kwa kina cha unene wa mbegu tu. Mbegu ya lengalenga ni ndogo sana, ukiifukia sana haioti. Siku ya 5 rekodi kuota. Katikati unarekodi kupunguza miche iliyosongamana. Wiki ya 3 miche ina majani 4 au 5 na urefu wa kidole: siku hiyo ndiyo ya kujaza gunia na kupanda, jioni, jua likiwa limepoa. Kesho yake asubuhi rekodi miche imelala chini kama imekufa, kwa sababu mtazamaji atauona mlalo huo na ataogopa. Siku mbili tatu baadaye rekodi imesimama. Kati ya wiki ya 6 na ya 7 unakata mara ya kwanza, ukiacha kisiki cha urefu wa kiganja chenye majani machache, ili kichipue tena.

Ukiisoma kalenda hiyo utaona kwamba somo lenyewe ni vipande vitatu: kusia, kujaza na kupanda, kukata na kutibu. Vitumwe kwa nyakati hizo hizo. Mtu akipokea vyote vitatu siku moja atatazama cha mwisho, chenye mavuno, na atakwenda sokoni kununua miche ambayo haipo. Kila kipande kisizidi dakika 3, maana megabaiti zinanunuliwa na simu nyingi zimejaa picha za harusi. Siku ya kusia, sia mabeseni mawili kwa kuachana wiki moja. Kuku wa jirani hajui kwamba unatengeneza video.

Na uandike tangu mwanzo gunia la pili, gunia la makosa. Lijaze bila nguzo ya mawe, au kwa samadi mbichi, ulirekodi kando ya lile zuri siku zile zile. Hilo ndilo litakalomfundisha mtazamaji, kwa sababu gunia lake litafanana zaidi na la makosa kuliko na lile la mwalimu. Samadi mbichi inajionyesha hivi: siku mbili tatu baada ya kupanda, ncha za majani zinaungua na kuwa kahawia ingawa udongo umelowa. Ili kuikwepa, mkono unaingia ndani ya rundo la samadi kabla ya kuchanganya. Ikiwa ndani kuna joto, au harufu inachoma pua, bado haijaiva. Gunia lisilo na nguzo linajionyesha kwa mistari: juu kijani, chini mimea inasinyaa mchana na hairudi jioni. Ukiingiza kidole kwenye tundu la chini unakuta vumbi. Picha ya kidole kinachotoka kikavu inashinda maelezo ya dakika nzima.

Rangi ya majani nayo inahitaji macho ya karibu, na hapa usiandike tu "yakigeuka njano". Manjano yako ya aina mbili na dawa zake hazifanani. Majani ya chini, yale makongwe, yakianza kuwa njano yote huku ya juu yakibaki kijani, mmea una njaa ya naitrojeni, na dawa yake ni samadi: konzi kadhaa zichanganywe kwenye ndoo ya maji, zikae siku kadhaa, kisha maji hayo yapunguzwe kwa maji safi hadi yawe na rangi ya chai nyepesi na kumwagiwa kwenye nguzo ya mawe. Lakini majani machanga ya juu yakiwa njano huku mishipa yake ikibaki kijani, huo ni upungufu wa chuma, na hapa kwetu una chanzo kilicho mbele ya macho. Maji ya Tanganyika yana ualkali, pH yake iko karibu na 9, na yana chumvi kidogo za madini. Ukimwagilia kwa maji ya ziwa mwezi baada ya mwezi, udongo wa gunia unazidi kuwa wa ualkali, na chuma kilichomo kinafungika kisiweze kunyonywa. Ukoko mweupe juu ya udongo ni dalili ya pili. Mtu huyo usimwambie aongeze majivu. Majivu yatazidisha shida. Mwambie achanganye maji ya ziwa na ya mvua anapoweza, na mara moja kwa wiki amwagilie mengi hadi yatoke chini, yaoshe chumvi.

Maji ndiyo sehemu ambayo somo la mjini linasimama au kuanguka. Mwezi wa sita hadi wa nane, mvua ikiwa imekatika na upepo wa ziwa ukikausha kila kitu, gunia moja linataka kama lita 5 kwa siku, nusu alfajiri na nusu jioni. Magunia matatu ni lita 15, yaani bidoni moja inakaribia kwisha kila siku. Kwa nyumba yenye bomba linalotoa maji, hilo ni jambo dogo. Kwa nyumba inayonunua bidoni, au inayomtuma binti ziwani, ni gharama inayoweza kuzidi bei ya mboga zenyewe. Mswada wa kweli unafanya hesabu hiyo mbele ya mtazamaji, kwa bei ya bidoni ya mtaa wake, na unamwambia aanze na gunia moja. Najua vijana hawapendi mstari huu, unapunguza utamu wa video. Uacheni ubaki.

Kinachookoa ni maji yaliyokwisha kutumika: ya kuoshea mchele, ya kusuuzia mboga, ya suuzo la mwisho la nguo lenye sabuni kidogo. Yanaingia kwenye nguzo ya mawe tu, hayagusi majani. Maji ya kwanza ya kufulia, yenye povu zito, au yaliyotiwa javel, yamwagwe kwingine.

Hapo mswada lazima uguse kipindupindu, hata kama somo ni la mboga. Uvira ni mji ambao ugonjwa huo haujawahi kuupa likizo ndefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu mji huo ulionyesha kwamba bomba likikatika, idadi ya wagonjwa wanaoingia kituo cha tiba ya kipindupindu inapanda katika siku zinazofuata, kwa kuwa watu wanarudi kwenye maji ya ziwa na ya mito. Sasa fikiria video inayomwonyesha mtu akinyunyizia majani maji hayo hayo siku ya mavuno, kisha anakata na kumpa mtoto jani alishike. Kwa hiyo kunyunyizia majani maji hayo kusionekane popote kwenye picha. Maji yaingie kwa mawe, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukata, majani yasuuzwe kwa maji safi, na picha ya mwisho iwe sufuria inayochemka. Lengalenga huku kwetu inapikwa, hailiwi mbichi. Tumia desturi hiyo, haihitaji kuhubiriwa.

Kuhusu wadudu nitapita haraka. Vidukari wanakaa chini ya jani, kwenye ncha changa. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji safi, kinanyunyizwa chini ya jani jioni, na majani yanaoshwa kabla ya kupikwa. Dawa za dukani zisitajwe kwenye somo la mboga inayokatwa kila wiki mbili. Muda wa kungoja baada ya dawa mara nyingi hautoshi, na mtoto atakula kabla haujaisha. Mbuzi ni mdudu mkubwa zaidi, na dawa yake ni waya.

Sauti irekodiwe baadaye, chumbani, blanketi likiwa mlangoni. Pikipiki na upepo wa uwanjani vinameza maneno. Sema kwa Kiswahili cha Uvira, siyo cha redio: bidoni, parseli, mwezi wa sita, lengalenga. Msemaji amwite mtazamaji kama anavyoitwa nyumbani, mama, dada, kaka, na amwambie jambo moja kwa pumzi moja. Kwa kawaida mswada wa kwanza una maneno mara mbili ya yanayotakiwa. Usome kwa sauti ukitazama saa ya simu. Ukizidi dakika 3 usiongeze kasi ya kusoma, kata.

Kabla ya kurekodi kitu chochote, kuna jaribio moja ambalo ningeliweka juu ya ushauri mwingine wote. Mchukue jirani ambaye hajawahi kulima kwenye gunia, mpe gunia tupu, kopo, mawe na ndoo zake nne. Msomee mswada mstari kwa mstari, yeye afanye, wewe usiongeze neno wala kuonyesha kwa kidole. Atakaposimama na kukutazama, hapo pana mstari uliokosekana. Atakapofanya tofauti na ulivyokusudia, hapo mstari upo lakini una maana mbili. Weka alama, usibishane naye. Mara nyingi atasimama kwenye kopo: hajui kama linabaki ndani au linatolewa. Atasimama tena kwenye matundu: ayachome gunia likiwa tupu au likiwa limejaa? (Likiwa limejaa.) Majibu hayo mawili tu yakiingia kwenye mswada, somo limekuwa jingine.

Mwambie pia mtazamaji mipaka. Gunia moja lenye miche kama 30, likishika vizuri, linatoa karibu sufuria moja ya mboga kwa wiki kwa familia. Halitoi sombe, halitoi mahindi, halimtoi mtu kwenye soko. Plastiki ya gunia inaliwa na jua. Baada ya msimu mmoja au miwili inaanza kumeguka, kwa hiyo tumia mbili, moja ndani ya nyingine, na zikichoka zitolewe zote, zisiachwe zikamegeka uwanjani. Udongo wake hautupwi: unachanganywa na samadi mpya, unarudi kazini.

Limebaki suala la lini. Mboga za uwanda zinaadimika Uvira kiangazi kinapokolea, na barabara ikifungwa kwa vita hazifiki kabisa. Mama anayehitaji somo hili analihitaji kabla ya mwezi wa sita, akiwa bado na mvua za mwisho za kukuzia miche. Ongeza wiki 6 au 7 za kurekodi na wiki 2 za kukata na kuweka sauti, utaona kwamba beseni la kwanza la mbegu linatakiwa kusiwa mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Likichelewa hadi mwezi wa nne, subiri: rekodi kiangazi chote, jua likiwa kali na bidoni zikiwa ghali, na ulitoe somo mwaka unaofuata.